Doa la Gundi Halitoshi: Kuisoma Raba Kwenye Picha

Mtu akitumiwa picha za raba anazotaka kuzinunua, jicho lake hukimbilia gundi. Anaikuza picha kwa vidole viwili, anafika pale ngozi inapokutana na soli nyeupe, anaona ukoko wa manjano mwembamba kama uzi, na hukumu inatoka papo hapo: feki. Muuzaji, ambaye kesi hii ameizoea, anajibu kwamba hata zile za dukani Marekani ziko hivyohivyo. Linaloudhi ni kwamba katika hilo muuzaji anasema kweli, hata pale anapouza kopi.

Tuchukue kiatu kimoja tu na tukitazame kwa makini: Nike Dunk Low nyeupe na nyeusi, ile ambayo wauzaji wa Kariakoo na Gikomba, kama wenzao wa kwingineko duniani, wanaiita Panda. Umbo la Dunk lilianza mwaka 1985, likiwa kiatu cha mpira wa kikapu kwa timu za vyuo vya Marekani. Mbunifu wake, Peter Moore, ndiye aliyebuni pia Air Jordan ya kwanza, iliyotoka mwaka huohuo. Panda ya wanaume ilitoka mwaka 2021 kwa bei ya dola 100, ikagombaniwa, na Nike ikaendelea kuirudisha madukani mara kwa mara. Kiatu kinachotolewa kwa wingi namna hiyo huigwa sana, na chenyewe hutoka kiwandani kikiwa na kasoro ndogondogo. Ndiyo maana kinafaa kujifunzia: anayedhani kwamba halisi ni lazima iwe safi, Panda itamwaibisha.

Tuanze na jinsi kiatu hiki kinavyounganishwa, kwa sababu alama zote tutakazozitafuta zinatokana na hatua hizo.

Sehemu ya juu, yaani vipande vya ngozi, bitana na ulimi, hushonwa kwanza. Chini yake inafungwa kwa kitambaa kigumu kiasi kilichokatwa kwa umbo la wayo, kisha inavishwa kalibu, umbo la plastiki linaloshika nafasi ya mguu. Soli ya Panda ni ya aina ya kikombe: ni mpira wenye kuta zinazopanda pembeni, na kiatu kinakaa ndani yake. Kabla ya kukikalisha, fundi anachora mstari kukizunguka kiatu kuonyesha ukingo wa soli utaishia wapi. Chini ya mstari huo ngozi inakwaruzwa ili gundi ipate pa kushika. Inapakwa dawa ya kuitayarisha, halafu gundi, na soli nayo inapakwa upande wa ndani. Vyote vinapitishwa kwenye tanuri la joto dogo ili gundi iwe tayari kushika, vinakutanishwa, vinabanwa kwa mashine, kisha vinapozwa. Mwisho kalibu inatolewa, na mashine ya kushona soli inapitisha uzi kwenye ukuta wa mpira hadi ndani ya kiatu, kukizunguka kiatu chote.

Sasa gundi. Brashi inayoipaka iko mkononi mwa mtu, na mtu huyo ana jozi nyingi za kumaliza kabla zamu yake haijaisha. Brashi ikivuka mstari kidogo, gundi inabaki juu ya ukingo wa soli na kukaukia pale. Hali ni hiyohiyo katika viwanda vya Vietnam, Indonesia na China vinavyomtengenezea Nike, na ni hiyohiyo Putian, mji wa jimbo la Fujian nchini China, ambao kwa miaka mingi umejulikana kwa viwanda vya raba za kampuni kubwa na pia kwa karakana za kopi zake. Ujuzi wa kugundisha kiatu uko pande zote mbili. Kwa hiyo utando mwembamba wa gundi, unaong'aa kidogo ukimulikwa kwa ubavu na kufuata ukingo wa soli, hausemi lolote. Rangi ya manjano nayo haisemi mengi, maana gundi nyingi hugeuka rangi kwa mwanga na umri. Halisi iliyokaa dirishani miaka miwili inaweza kuwa ya manjano kuliko kopi iliyotoka kontenani juzi.

Je, gundi tuiache kabisa? Hapana, ila tuiulize swali jingine. Badala ya kuuliza kama ipo, tuulize iko wapi, na imefika pale kwa sababu gani.

Kuna alama tatu ninazozipa uzito. Ya kwanza ni mkwaruzo. Ukiona juu ya ukingo wa soli ukanda wa ngozi uliopoteza ulaini wake, wenye mistari midogo iliyokwenda upande mmoja, hapo ngozi ilikwaruzwa ili ifunikwe na soli, na soli haikuifunika. Mstari ulichorwa juu mno, au soli ni fupi kuliko kiatu ilichoandaliwa. Ya pili ni gundi iliyotumika kuziba nafasi: soli na ngozi hazikukutana, na katikati kuna gundi nene iliyokauka kama daraja. Ya tatu ndiyo yenye maana zaidi, nayo ni kujirudia. Mkono unapoteleza, huteleza kwenye kiatu kimoja. Ukikuta nafasi ileile, kwenye pindo lilelile la vidole, kwenye kiatu cha kulia na cha kushoto, na tena kwenye jozi nyingine ya saizi tofauti kwa muuzaji yuleyule, hapo tatizo limo kwenye vipimo. Aliyetengeneza kalibu ya soli na aliyekata ngozi hawakufanya kazi kwa ramani moja. Mwenye kuigiza mara nyingi hukumbwa na hilo, kwa kuwa alinunua kiatu halisi, akakichana, akakipima upya.

Hata hivyo nitasema waziwazi msimamo wangu: gundi naipa haki ya kuanzisha shaka, siipi haki ya kufunga kesi. Ushahidi mzito zaidi uko mahali ambapo wauzaji wengi hawapigi picha, yaani chini ya soli ya ndani.

Soli ya ndani, ile laini inayogusa unyayo na yenye jina la Nike kisiginoni, inang'oka. Huwa imeshikizwa kwa gundi kidogo, na ukiivuta taratibu kuanzia kisigino inatoka bila kuchanika. Chini yake unakutana na kile kitambaa cha umbo la wayo, na kandokando yake mshono unaokiunganisha na sehemu ya juu. Mafundi wa viwandani huuita mshono wa Strobel, kwa jina la kampuni ya Kijerumani inayotengeneza mashine zake. Mashine hiyo inashona ukingo kwa ukingo, na kazi ya fundi ni kuzungusha vipande viwili vyenye maumbo tofauti huku akihakikisha vinafika mwisho pamoja.

Pagumu ni kwenye vidole. Pale pindo linapokaza, kitambaa kinataka kujikunja na ngozi inataka kusogea. Fundi aliyezoea anapunguza kasi, hatua za sindano zinabaki na urefu uleule, na kitambaa kinalala bapa. Asiyezoea, au anayelipwa kwa idadi ya jozi, anapita kwa kasi: hatua zinarefuka, kitambaa kinafanya mikunjo midogo, na mahali mshono ulipoanzia na ulipoishia panarundikana uzi. Tazama pia katikati ya kisigino. Vipande hivi huwekewa alama ndogo za kukutanishia, na zikikosana kitambaa chote kinakaa kikiwa kimepinda. Mshono wa nyuma wa kiatu unaelekea huku, katikati ya kitambaa inaelekea kule. Kupinda huko unakuona hata kwenye picha mbaya.

Lakini kuna jambo jingine chini ya soli ya ndani linalonipendeza zaidi, kwa kuwa linafuata mantiki tu na halihitaji jicho la mtaalamu. Panda, ukiitazama kwa nje, ina mstari wa mishono inayozunguka ukuta mweupe wa soli. Tumeshaona kwamba uzi ule unapita kwenye mpira na kutokea ndani. Basi ndani ya kiatu, kandokando, ni lazima uzi huo uonekane, mstari wa pili mbali na ule wa Strobel. Kopi za bei ya chini hazina mshono huo kabisa. Mpira umefinyangwa ukiwa na vinundu vyenye sura ya mshono, na kiatu kimeshikwa na gundi peke yake. Kwa nje, kwenye picha ya simu, vinundu hivyo vinadanganya watu wengi. Kwa ndani havina kitu cha kuonyesha. Picha moja ya nje na moja ya ndani, ukiziweka pamoja, zinamaliza kazi: mshono ulioko nje na usioko ndani haukushonwa.

Kwa nje pia kuna dalili kwa mwenye subira. Uzi wa kweli una nyuzi zilizosokotwa, unazama kwenye mfereji wake na kuacha kivuli chembamba pembeni. Kinundu cha mpira kinang'aa sawasawa na ukuta uliokizaa.

Kopi za daraja la juu zinashonwa kweli, kwa uzi wa kweli, na hapo mtego huu hauzinasi. Njia inayobaki ni kuhesabu. Tafuta picha ya jozi ambayo asili yake haina shaka, ya modeli ileile na saizi ileile, kisha hesabu mishono kati ya sehemu mbili zisizohama, kwa mfano kutoka ncha ya mbele ya alama ya Nike hadi pale kipande cha ngozi cha kisigino kinapoanzia. Hesabu ina sifa moja kubwa: haibadiliki kwa mwanga, wala kwa rangi ya taa, wala kwa simu iliyopiga picha. Tofauti ya mshono mmoja si kitu. Tofauti ya mishono minne au mitano kwenye kipande kifupi inaonyesha mashine iliyopangwa vingine.

Tukifika kwenye boksi, watu huzungumzia fonti kana kwamba ni siri ya wachache. Kinachotazamwa ni chepesi kukieleza. Mwenye kuigiza kwa kawaida hana faili ambayo kiwanda halisi hutumia kuchapa lebo. Ana boksi tu. Basi ama anachagua kwenye kompyuta yake fonti inayokaribiana, ama anapiga picha ya lebo na kuzichora upya herufi juu yake. Njia ya kwanza inaacha nafasi zisizolingana: herufi zinasogeleana mno au kuachana mno, na neno linalopaswa kuishia chini ya herufi fulani ya mstari wa juu linaishia pengine. Njia ya pili inanenepesha herufi. Picha ya lebo haina kingo kali, anayechora juu yake hufuata ukingo wa nje wa ule ukungu, na kila herufi inaongezeka unene kidogo. Matundu ya ndani, kama yale ya R, 8 na 9, yanabana. Kwa hiyo usihangaike kutafuta jina la fonti. Linganisha unene wa mistari na upana wa matundu, halafu shusha jicho wima kutoka mstari mmoja hadi wa chini yake uone ni herufi gani inakaa juu ya ipi.

Kuna tahadhari hapa. Nike ina viwanda vingi vinavyoichapia lebo, na lebo ya mwaka 2021 kutoka Vietnam haifanani kila kitu na ya mwaka 2023 kutoka Indonesia. Ukilinganisha lebo mbili za viwanda tofauti, utaona tofauti na kuihukumu jozi isiyo na kosa. Linganisha nchi kwa nchi na, ukiweza, mwaka kwa mwaka.

Kwa bahati nzuri lebo ina maneno na namba pia, na hizi hazihitaji jicho la msanii. Panda ya wanaume ina namba ya modeli DD1391-100. Ya wanawake ni DD1503-101. Ya vijana ni CW1590-100. Namba hiyohiyo inapaswa kuwa kwenye boksi na kwenye lebo ndogo iliyomo ndani ya kiatu.

Kisha saizi. Sisi huku tumezoea kuagiza kwa namba kamili, 41, 42, 43, na wenye kopi hututengenezea hivyohivyo. Vipimo vya Ulaya vya Nike haviendi kwa mpangilio huo. Kwa wanaume, US 8 ni EUR 41, US 8.5 ni 42, US 9 ni 42.5, US 9.5 ni 43, na US 10 ni 44. Ukifuatisha utagundua kwamba 41.5 haimo, wala 43.5 haimo. Lebo ya Panda ya wanaume iliyoandikwa EUR 43.5 haikutoka Nike, hata fonti yake iwe nzuri namna gani. Hali kadhalika US 9 inakwenda na UK 8 na CM 27. Ukiona US 9 pamoja na EUR 43, mtu amejaza namba kwa kukisia.

Na kuna mtego ambao nashangaa hautumiki sana. Kila saizi ya kiatu ina msimbopau wake, zile nistari nyeusi zenye namba ndefu chini yake. Mwenye kuigiza aliyenakili boksi moja halisi mara nyingi hubadilisha saizi tu na kuuacha msimbopau vilevile. Mwombe muuzaji picha za lebo za maboksi mawili, 42 na 44. Namba ndefu zikiwa sawa, huna haja ya kuuliza zaidi. Lebo ndogo ya ndani ya kiatu nayo hunakiliwa hivyo. Ina tarehe mbili za uzalishaji, na ukikuta jozi za saizi zote dukani zina tarehe zilezile, au tarehe ya miaka kadhaa kabla Panda haijatoka, umepata jibu.

Yote haya yanategemea picha inayosomeka. Lebo ipigwe ikiwa imekabiliwa uso kwa uso. Simu isogezwe nyuma kiasi, na picha ikuzwe baadaye. Simu ikikaribia mno, herufi za katikati zinavimba na za pembeni zinainama, na mnunuzi anaona fonti mbaya ambayo haipo. Gundi ipigwe karibu na dirisha mchana, mwanga ukitoka ubavuni, kwa sababu taa ya manjano ya chumbani huipaka kila gundi rangi ya makosa. Chini ya soli ya ndani panahitaji tochi ya simu ya pili. Picha zitumwe kwa WhatsApp kama faili, maana zikitumwa kama picha za kawaida zinabanwa, na kingo za herufi ndizo zinazoumia kwanza. Aidha ziwe za kiatu chenyewe. Mwambie muuzaji aweke karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo kando ya kiatu, tena ndani ya kila picha, maana karatasi kwenye picha moja na picha nne zilizookotwa kwingine ni hila inayojulikana.

Tuzitazame jozi mbili kwa utaratibu huu. Tuseme mnunuzi wa Dar es Salaam ametumiwa picha za Panda mbili, zote saizi ya US 9.

Jozi ya kwanza ni safi kupita kiasi. Kuzunguka soli huoni doa. Boksi jipya, karatasi ya ndani haijakunjuka. Lebo ina DD1391-100, US 9, UK 8, EUR 43, CM 27. Hapo tayari pana kosa, 43 badala ya 42.5, lakini mnunuzi anajiambia huenda ni kosa la uchapaji. Anakuza zaidi: tundu la 9 limebana hadi karibu kuziba, na mstari wa rangi umesogea kulia kuliko kwenye lebo anayolinganishia. Anaomba picha ya ndani. Muuzaji anasita, halafu anatuma. Mshono wa Strobel upo, umenyooka kiasi, una mikunjo miwili vidoleni. Ila uzi wa soli haumo. Kwa nje mishono inaonekana wazi kuzunguka kiatu chote, kwa ndani pako patupu. Usafi wa gundi unaeleweka sasa. Soli yenye kuta zilizofinyangwa juu kidogo hufunika kila kitu, na kopi inayokusudiwa kuuzwa kwa picha hufutwa vizuri kabla ya kupigwa picha.

Jozi ya pili inakatisha tamaa. Kiatu cha kushoto kina utando wa manjano kwenye pindo la vidole, sentimita mbili hivi. Ngozi ina ugumu wa plastiki, jambo ambalo wengi hulitaja kama dalili ya feki, ingawa Panda halisi nazo zinalalamikiwa hivyohivyo. Boksi limebonyea pembeni. Mnunuzi anaitazama gundi: iko kwenye kiatu kimoja tu, ni nyembamba, na ngozi iliyo chini yake haijakwaruzwa. Ni brashi iliyoteleza. Lebo ina EUR 42.5. Msimbopau wa boksi hili na ule wa boksi la US 10 la muuzaji huyohuyo ni tofauti. Ndani, hatua za sindano vidoleni zina urefu mmoja, katikati ya kitambaa imekutana na mshono wa kisigino, na uzi wa soli unapita pembeni kama unavyotakiwa. Mishono ya nje anaihesabu na kukuta inapungua mmoja tu kwa jozi anayolinganishia. Mimi ningenunua hii, tena ningeomba punguzo kwa ajili ya lile doa.

Bei nayo ingesema neno lake mapema. Kiatu kilichoanza na dola 100 dukani, kabla ya usafirishaji na ushuru, hakiwezi kufika Kariakoo kikiwa kipya na kuuzwa shilingi 65,000 huku muuzaji akipata faida. Lakini bei ya juu haithibitishi chochote, na wenye kopi nzuri wameshajifunza kutouza rahisi.

Njia ya picha ina ukomo, na ukomo huo umeonekana mahakamani. StockX, soko la mtandaoni la Marekani, hupokea viatu na kuvikagua mkononi kabla ya kumpelekea mnunuzi. Mwaka 2022 Nike, iliyokuwa imeishitaki kampuni hiyo, ilidai kwamba ilinunua humo jozi nne za kopi zilizokuwa zimepita kwenye ukaguzi. Mwaka 2025 jaji wa New York aliamua kwamba StockX inawajibika kwa jozi 37 za kopi zilizouzwa kupitia kwake. Wakaguzi wale walikuwa na kiatu mezani na mwanga wa kutosha, na bado zikawapita. Mwenye picha sita kwenye simu hapaswi kutarajia zaidi ya hapo. Anachoweza ni kuzikamata kopi za chini na za kati, ambazo ndizo zilizojaa sokoni kwetu, na kujizuia kuitupa halisi kwa sababu ya doa. Kopi ya daraja la juu kabisa, iliyoshonwa kweli na yenye lebo iliyonakiliwa saizi kwa saizi, huenda ikapita.

Kwenye mitumba mambo yanageuka. Panda ya marobota ya Karume au Gikomba inakuja bila boksi, kwa hiyo nusu ya ushahidi haipo, na mara nyingi hiyo iliyovaliwa na isiyo na boksi ndiyo halisi, huku ile yenye boksi linalong'aa ikiwa kopi. Lebo ndogo ya ndani huwa imefutika kwa jasho. Gundi imeshageuka rangi na haina la kusema. Kinachobaki ni mshono, na kuvaliwa kunausaidia mkaguzi: uchafu huingia kwenye msokoto wa uzi na kuupa rangi ya kijivu tofauti na ya mpira unaouzunguka, ilhali vinundu vilivyofinyangwa huchakaa na kulainika pamoja na ukuta wa soli. Soli ya ndani ya mtumba mara nyingi si ya kiatu hicho, imetupwa na kuwekwa nyingine ya kubahatisha, basi maandishi yake yasikushughulishe. Ing'oe uiweke pembeni, umulike ndani, na upige picha kuanzia kisigino kwenda vidoleni.